Kivuli Kirefu Kuliko Mwenyewe

Mwishoni mwa Januari mdogo wangu wa kike alinitumia kwa simu picha ya majibu yake ya damu. Anaishi kaskazini sana, kwenye latitudo ya 60, mstari unaopita Oslo na Helsinki. Kwenye vitamini D palikuwa na namba 28. Kazi yangu ni maabara na namba za aina hiyo naziona kila siku, kwa hiyo hata picha sikuikuza. Nikamwandikia: "Uko vizuri mdogo wangu, inayotakiwa ni kuanzia 20." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa Kaka, mbona daktari kasema nina upungufu?"

Ndipo nikaikuza picha. Pembeni ya ile 28 paliandikwa nanomoli kwa lita. Mimi nimezoea nanogramu kwa mililita, na 20 niliyoikariri ni ya kipimo hicho. Kutoka nanomoli kwenda nanogramu unagawa kwa 2.5, kwa hiyo 28 yake ilikuwa kama 11 yangu. Hapo mifupa imeshaingia kwenye eneo la hatari. Miaka yote hii kazini, na nimeteleza palepale ninapowaonya wanafunzi wa mazoezi kila wanapokuja.

Nikamwomba radhi. Lakini yeye kilichokuwa kinamkera kilikuwa kingine. Daktari alimwambia kwamba tatizo ni ngozi yake nyeusi, inazuia jua. "Nimezaliwa nayo, nimekua nayo, haijawahi kunisumbua. Leo imekuwa kosa?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia asubiri siku ya kwanza yenye jua, atoke nje saa sita mchana, asimame wima mahali tambarare, mtu amwekee alama pale kivuli cha kichwa chake kinapoishia, kisha ahesabu hatua. Aliona ni mchezo wa kitoto, ila alifanya. Hatua kumi na mbili. Tukakisia mita nane na nusu. Yeye mwenyewe ana sentimita 165, kwa hiyo kivuli chake kilimzidi mara tano, na hiyo ndiyo saa ambayo jua la siku hiyo lilikuwa limefika juu kuliko saa nyingine zote.

Kivuli hicho kinasema karibu kila kitu. Kikiwa mara tano ya urefu wa mtu, maana yake jua limeinuka nyuzi 11 tu kutoka upeo wa macho. Jua la utosini hupita kwenye hewa kwa njia fupi kuliko zote, kama mshale unaoshuka wima. Jua la nyuzi 11 huikata hewa hiyohiyo kwa mshazari, na njia yake ndani ya angahewa hurefuka kama mara tano. Kwa mwanga tunaouona, hilo halina shida kubwa. Mchana bado ni mchana, theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Kwa mwanga tusiouona, mambo ni tofauti kabisa.

Vitamini D hutengenezwa na kipande chembamba sana cha mwanga wa jua, ile mionzi ya urujuanimno aina ya B, yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 290 na 315 hivi. Mawimbi mafupi kuliko hayo hayafiki ardhini. Marefu kuliko hayo hufika kwa wingi lakini kwa kazi hii hayafai. Na hicho kipande kinachofaa ndicho ambacho ozoni inakipenda. Kila mwale unavyosafiri zaidi ndani ya angahewa, ozoni inazidi kuumeza na hewa yenyewe inazidi kuutawanya. Ukiifanya safari iwe ndefu mara tano, kinachobaki ni kama hakuna.

Hili lilipimwa waziwazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, Ann Webb na wenzake, akiwemo Michael Holick, waliweka vipande vya ngozi ya binadamu juani, siku zisizo na mawingu, katika miji ya latitudo tofauti. Boston, kwenye nyuzi 42 kaskazini, kuanzia Novemba hadi Februari ngozi haikutengeneza chochote. Edmonton, nyuzi 53, ukame huo ulianza Oktoba ukaisha Machi. Los Angeles na Puerto Rico, kusini zaidi, jua lilifanya kazi hata katikati ya majira ya baridi. Fikiria basi nyuzi 60. Boston katikati ya Desemba jua la mchana hufika nyuzi 24, na hilo halikutosha. La mdogo wangu lilikuwa nyuzi 11.

Kwa hiyo jibu la kwanza nililompa lilikuwa hili: Januari, ngozi yako haizuii chochote, kwa sababu hakuna cha kuzuia. Jirani yako mweupe pe naye hatengenezi hata chembe. Akikaa nje kutwa nzima kifua wazi, atakachovuna ni mafua.

Alifurahi, halafu akauliza swali ambalo nilijua linakuja. Mbona jirani hana upungufu?

Hapo ndipo inabidi kuingia ndani ya ngozi yenyewe.

Kwenye tabaka la juu la ngozi kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Wanakemia huiita 7-dihidrokolesteroli. Ni molekuli yenye pete nne zilizoshikana. Mwale wa urujuanimno B ukiigonga, pete moja inakatika. Ni hilo tu ambalo jua linafanya. Molekuli iliyokatika bado si vitamini D, inahitaji kujikunja upya, na kujikunja huko kunaendeshwa na joto la mwili. Kunachukua saa nyingi, kwa hiyo jua la mchana mmoja linaendelea kuingia kwenye damu hata siku inayofuata, umeshaoga na kulala. Kutoka ngozini vitamini inabebwa na protini hadi kwenye ini, ini linaiongezea kipande, na hiyo ndiyo namba tunayoipima maabara. Figo zinaongeza kipande cha pili pale mwili unapohitaji kunyonya kalsiamu kutoka tumboni.

Kile kinachotoka kwenye ini hukaa kwenye damu kwa muda. Kama hakiongezwi, hupungua hadi nusu ndani ya wiki mbili au tatu hivi, ingawa kingine huwa kimehifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na hutoka polepole. Hii ina maana kwamba namba ya Januari inasimulia habari za Agosti. Jirani aliingia majira ya baridi na ghala lililojaa kidogo, mdogo wangu aliingia na ghala nusu. Wote wawili walikuwa wanakula akiba.

Sasa, ghala lake lilikuwa nusu kwa sababu ya rangi?

Tazama upande wa ndani wa mkono wako, juu karibu na kwapa, kisha ulinganishe na mgongo wa kiganja. Sehemu ile ya ndani ndiyo rangi uliyozaliwa nayo, na ndiyo watafiti wanayoipima kwa kifaa kinachomulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni jua lako mwenyewe. Tofauti kati ya mkono wako na wa mtu mwingine ni jua la mababu. Kinachozileta zote mbili ni melanini, na cha ajabu ni kwamba watu wote tuna idadi inayokaribiana ya seli zinazoitengeneza. Mweusi hana viwanda vingi kuliko mweupe. Vifurushi vya melanini vinavyotoka viwandani ndivyo vinavyotofautiana. Kwenye ngozi nyeusi ni vikubwa, vimejaa, na vimetawanyika kimojakimoja. Kwenye ngozi nyeupe ni vidogo, vimesongamana, na huvunjwavunjwa mapema.

Vifurushi hivyo huhamishiwa kwenye seli za jirani, na humo ndani vinafanya jambo ambalo nililiona kwa hadubini nikiwa mwanafunzi na sijalisahau: vinakusanyika juu ya kiini cha seli, upande unaotazama nje, kama kofia. Seli baada ya seli, kila kiini kimevaa kofia yake. Chini ya kofia kuna DNA, na DNA ndiyo inayoharibiwa na urujuanimno B. Kofia nyingi ziko kwenye safu ya chini kabisa ya tabaka la juu, ile ambayo seli zake hugawanyika na kuzaa ngozi mpya. Shika hilo, tutalihitaji baada ya muda mfupi.

Mwaka 1979 watafiti walipima ni kiasi gani cha urujuanimno B kinapenya tabaka la juu lote hadi chini yake. Kwenye ngozi nyeupe ilikuwa karibu asilimia 24, kwenye nyeusi karibu asilimia 7. Miaka mitatu baadaye, likachapishwa jaribio ambalo limenukuliwa mpaka limechakaa. Watu weupe wawili na weusi watatu walimulikwa kwa taa, kipimo kilekile. Kwa weupe vitamini D kwenye damu ilipanda hadi mara 60. Kwa weusi haikuonyesha badiliko la maana. Mmoja wao alipomulikwa tena kwa kipimo cha mara sita, ikapanda kama ya weupe. Kutoka hapo dunia nzima ya udaktari ikaandika kwenye vitabu kwamba mtu mweusi anahitaji jua mara sita. Huenda daktari wa mdogo wangu naye alifundishwa hivyo. Mimi nilifundishwa hivyo.

Watu watano. Nilipoisoma karatasi yenyewe, si muhtasari wake, nilibaki nimeduwaa.

Mwaka 2020 timu ya Antony Young, wa chuo cha King's College London, ilirudia swali hilo kwa uangalifu zaidi, kwa kuwamulika watu wenye ngozi nyeupe sana hadi nyeusi sana kwa vipimo vidogo visivyounguza. Melanini ilipunguza utengenezaji wa vitamini D, ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo: weupe walitengeneza chini ya mara moja na nusu ya walichotengeneza weusi. Si mara sita. Wakati huohuo ngozi nyeusi inajulikana kuilinda DNA ya safu ya chini kwa mara nyingi sana kuliko nyeupe.

Inawezekanaje pazia lilelile lizuie madhara mengi na lizuie faida kidogo? Rudi kwenye zile kofia. Zimejaa kwenye safu ya chini. Kemikali inayogeuka kuwa vitamini D ipo pia kwenye safu za juu yake, na mwale unaokuja kutoka nje unakutana nayo kwanza kabla ya kufika kwenye kofia. Ile asilimia 7 ya mwaka 1979 ilikuwa sahihi, ila ilipima kinachotokea chini ya ngozi ilhali vitamini inatengenezwa njiani. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii. Ngozi nyeusi imekuwa ikionekana kama mlango uliofungwa, kumbe ni mlango wenye kivuli mahali panapostahili kivuli.

Jibu langu la pili kwa mdogo wangu, basi, likawa hivi: rangi yako imechangia, lakini mchango wake ni mdogo kuliko ulivyoambiwa. Kilichobaki tukakihesabu pamoja. Anafanya kazi ndani, kiti chake kiko dirishani, na alikuwa anaamini kwamba anapata jua humo. Kioo cha kawaida huzuia karibu urujuanimno B wote na kupitisha ule wa aina ya A, ambao unazeesha ngozi bila kutengeneza vitamini hata kidogo. Joto alikuwa analisikia, hilo halina ubishi. Kiangazi chake kilikuwa cha miezi michache, na muda mwingi alikuwa amejifunika mikono na miguu. Jirani yake, kila jua likitoka, anavua.

Swali lililo nyuma ya haya yote ni kwa nini rangi zilitofautiana tangu mwanzo. Sokwe chini ya manyoya yake ana ngozi iliyofifia. Mababu zetu walipopoteza manyoya chini ya jua la Ikweta, waliobaki walikuwa wenye melanini nyingi. Ukiwauliza watu kwa nini, watakwambia saratani. Ina uzito wake, na wenye ualbino wanaoishi karibu na Ikweta wanalijua hilo vizuri. Lakini kwa watu wengine saratani ya ngozi kwa kawaida huja mtu ameshazaa, na uteuzi wa asili unahesabu watoto.

Mwaka 1978 Richard Branda na John Eaton walichukua majimaji ya damu ya binadamu, wakayamulika kwa mwanga unaofanana na jua kali, na ndani ya saa moja foleti iliyokuwamo ilipungua kwa theluthi hadi nusu. Foleti ndiyo vitamini ambayo mama akiikosa katika wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi kabla hata hajajua kuwa ni mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Hiyo inagusa uzazi moja kwa moja. Mwanaanthropolojia Nina Jablonski aliunganisha mambo hayo, na mwaka 2000 yeye na George Chaplin walilinganisha vipimo vya rangi ya ngozi vya wenyeji wa sehemu mbalimbali na vipimo vya urujuanimno vilivyochukuliwa kwa setilaiti. Vilikwenda sambamba kwa kiasi kikubwa. Hoja yao ni ya kuvutana: karibu na Ikweta foleti inaivuta ngozi kuwa nyeusi, kuelekea ncha za dunia vitamini D inaivuta kuwa nyeupe. Udhaifu upo upande wa foleti, maana damu kwenye chupa si damu iliyo chini ya ngozi, na jua linaloivunja mwilini kwa kiasi gani bado ni jambo la kubishaniwa.

Kulikuwa na hoja ya zamani zaidi, ya William Loomis, mwaka 1967. Yeye alidai weusi ulikuwepo ili kuzuia vitamini D isizidi na kuwa sumu. Ilipendeza, ikafa. Molekuli ile iliyokatika, jua likiendelea kuipiga, hugeuka kuwa vitu vingine visivyo na kazi, na baada ya muda kinachotengenezwa kinalingana na kinachoharibiwa. Hakuna mtu, wa rangi yoyote, anayeweza kujilisha sumu ya vitamini D kwa kuota jua. Kwa vidonge inawezekana, na nimeshaona majibu ya namna hiyo.

Upande wa vitamini D nao una maswali yake. Kama baridi ya kaskazini ndiyo iliyofifisha ngozi, ilipaswa kufanya hivyo mapema. Lakini mifupa ya mwindaji aliyeishi kaskazini mwa Hispania miaka 7,000 iliyopita, aliyeitwa La Braña, ilitoa DNA inayoonyesha macho ya buluu na ngozi yenye weusi. Watu walikuwa wamekaa Ulaya makumi ya maelfu ya miaka. Jeni iliyochangia sana weupe wa Wazungu, SLC24A5, ambayo kazi yake ya rangi ilitambuliwa mwaka 2005 kupitia samaki wadogo wa maabara wenye mistari iliyofifia, ilienea kule kwa kuchelewa, pamoja na wakulima. Wengi wanafikiri chakula ndicho kilichoamua. Anayekula samaki wa mafuta na ini la wanyama hupata vitamini D tele mdomoni na hana haja ya kuiomba ngozi. Anayeishi kwa nafaka hana pa kuipata ila juani. Wainuiti wa Aktiki, wanaoishi kaskazini kuliko karibu watu wote na ngozi yao bado ina rangi, walikuwa wanakula mamalia wa baharini na samaki. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, hasa sasa tunapojua kwamba hasara ya melanini ni ndogo: pengo dogo hilo huleta madhara pale tu njia nyingine zote zimezibwa.

Kuhusu namba ya mdogo wangu yenyewe, nilimwambia asiiamini peke yake. Wamarekani weusi kwa wastani wana vitamini D ndogo kwenye damu kuliko weupe, lakini mifupa yao ni mizito zaidi na huvunjika mara chache. Kwa hiyo namba ndogo si lazima iwe ugonjwa. Njia ya kujua ni kuitazama homoni inayopanda pale mwili unapokosa kalsiamu na kuanza kuichota mifupani. Ikiwa imetulia, mwili unajitosheleza. Yake ilipopimwa ilikuwa imepanda kidogo, na mapaja yalikuwa yanamuuma akipanda ngazi, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Hapo upungufu ukawa wa kweli. Daktari akampa matone ya kila siku, na safari hii sikuwa na la kubisha.

Tuliendelea na vivuli. Katikati ya Februari hatua saba na nusu. Katikati ya Machi hatua nne na kidogo. Kuna kanuni ya kukisia kwamba kivuli kikiwa kirefu kuliko mwenyewe, vitamini D inayotengenezwa ni kidogo, na kikiwa kifupi, kazi imeanza vizuri. Si kipimo cha maabara, mawingu na ozoni vinaibadilisha, ila haihitaji kifaa.

Tarehe 2 Mei alinitumia picha nyingine. Si karatasi safari hii. Amelala chini barabarani, mikono wazi, na jirani yake mweupe amesimama na chaki akichora mstari pale utosi wake ulipogusa alama ya kivuli. Chini yake ameandika: "Kaka, tumelingana."